Mpenzi au Nchi? Ghazali ya Faiz Iliyotungwa Jela

Watu wa Pakistani na India wana ghazali moja ya Kiurdu wanayoipenda sana, na wengi wao waliijua kwanza kwa sauti ya Mehdi Hassan, aliyeiimba kwa utulivu katika raga ya Jhinjhoti. Mwaka 1964 ilitumiwa katika filamu ya Farangi. Ina maua, upepo wa machipuko, midomo na nywele zinazonukia. Anayeisikia bila kujua historia yake haoni sababu ya kudhani kuwa ni kitu kingine zaidi ya wimbo wa mapenzi.

Aliyeitunga ni Faiz Ahmed Faiz, na aliitunga Januari 1954 akiwa mfungwa katika Jela ya Montgomery, mji wa Punjab ambao leo unaitwa Sahiwal. Ukishalijua hilo, maua yale yale yanabadilika. Upepo unakuwa kitu pekee kinachoweza kupita ukuta wa jela, na mpenzi anayeombwa aje anaanza kufanana na nchi. Wasomaji wa Faiz wamegawanyika tangu hapo: wapo wanaosema anamlilia mtu, na wapo wanaosema mtu huyo ni vazi tu, ndani yake mna Pakistani iliyo huru na yenye haki. Nataka tuzipime kauli zote mbili kwa haki, kwa kuipitia ghazali yenyewe ubeti kwa ubeti.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Faiz alizaliwa Sialkot mwaka 1911. Pakistani ilipozaliwa mwaka 1947 alikuwa mhariri wa gazeti la Pakistan Times mjini Lahore, na alijulikana kwa siasa zake za mrengo wa kushoto. Mwezi Machi 1951 alikamatwa pamoja na maofisa wa jeshi na wakomunisti kadhaa, wakashtakiwa kwa njama ya kuipindua serikali ya Waziri Mkuu Liaquat Ali Khan. Kesi hiyo inajulikana kama Njama ya Rawalpindi. Miezi ya kwanza aliwekwa peke yake. Kwa muda mrefu hofu ya hukumu ya kifo ilikuwa juu ya washtakiwa, lakini mwaka 1953 Faiz alihukumiwa kifungo cha miaka minne, akatoka Aprili 1955.

Nyumbani alimwacha mkewe Alys, Mwingereza aliyefunga naye ndoa mwaka 1941, na mabinti wawili wadogo. Alys alifanya kazi gazetini ili kuwalea watoto, na mume na mke waliandikiana barua miaka yote hiyo. Barua za Faiz zilikuja kutolewa kama kitabu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mbali na mpenzi wake na mtu aliyefungwa kwa ajili ya nchi yake walikuwa ni mtu mmoja, katika chumba kimoja. Wasifu wake peke yake hauwezi kutuamulia, maana unaunga mkono pande zote mbili.

Turudi kwenye shairi. Ghazali hujengwa kwa beti za mishororo miwili miwili. Kila ubeti hujitosheleza: unaweza kuunukuu peke yake kama methali, na ubeti unaofuata unaweza kwenda kwenye jambo lingine kabisa. Kinachozifunga beti pamoja ni mizani, kina, na neno moja linalorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Katika ubeti wa mwisho mtunzi hujitaja kwa jina, jambo ambalo msomaji wa tenzi zetu za zamani halitamshangaza. Ghazali hii ina beti saba, na neno linalorudiwa ni kitenzi cha kwenda. Kila ubeti unaisha kwa mwendo: upepo uende, shughuli ziende, watu waje, sisi tukaondoka. Mtu asiyeruhusiwa kuvuka mlango ametunga shairi ambalo kila wazo lake linamalizikia njiani.

Ubeti wa kwanza unamwomba mpendwa aje ili shughuli za bustani ziendelee. Katika usomaji wa mapenzi, hayo ni maneno ya kawaida ya kumtukuza mtu: bila wewe hata maua hayana kazi. Lakini shughuli inayotajwa ni ya bustani nzima. Mpenzi akija, anayefaidika ni mmoja, ila huyu anayesubiriwa hapa akija, kila kitu kinaanza kufanya kazi. Washairi wa Kiurdu walikuwa wameshazoea kuita nchi bustani, na wasomaji wao walikuwa wameshazoea kusikia hivyo. Ubeti huu unakubali maana zote mbili, ingawa maana ya nchi inakaa kwa raha zaidi.

Ubeti wa pili unataja tundu la ndege. Tundu lina huzuni, na msemaji anawaomba wenzake wamwambie upepo jambo, ili siku ile mpendwa atajwe. Ndege tunduni ni picha ya zamani sana katika ushairi wa Kiajemi na Kiurdu, na maelfu ya washairi ambao hawakuiona jela waliitumia kueleza mateso ya mapenzi. Kwa hiyo tundu lenyewe si ushahidi. Ninachokiona mimi ni wale wenzake. Msemaji hayupo peke yake tunduni. Anazungumza na kundi, na kundi zima linatulizwa na jina lile moja. Anayempenda mtu kwa kawaida hawaalike wengine wamkumbuke pamoja naye. Wafungwa wa kesi moja ndio wanaoweza kukaa pamoja na kutulizwa na jina moja.

Kisha inakuja midomo na nywele. Ubeti wa tatu unatamani asubuhi ianzie pembeni mwa midomo ya mpendwa, na usiku upite ukiwa umejaa harufu ya nywele zake. Hapa ndipo usomaji wa nchi unapokwama. Najua wapo wanaosema asubuhi ni uhuru na usiku ni dhuluma, na ni kweli kwamba Faiz aliwahi kuutumia mfano huo: shairi lake maarufu kuhusu uhuru wa 1947 linailalamikia alfajiri iliyotiwa madoa. Lakini katika ubeti huu usiku nao unatamaniwa. Ni usiku mtamu. Ukiufanya kuwa dhuluma unaugeuza ubeti kichwa chini. Na nchi haina pembe ya mdomo. Mtu aliyeandika maneno haya alikuwa akimkumbuka binadamu mwenye mwili, au alikuwa akiwarithi washairi waliomkumbuka. Kwangu mimi ubeti huu ni wa mtu.

Ubeti wa nne ndio mgumu kuliko yote, na ndio unaofundisha zaidi. Unasema kwamba udugu wa maumivu ni mkubwa hata kama moyo ni maskini, na kwamba kwa jina lako wafariji watakuja. Katika desturi ya ghazali, watu wengine wanaompenda yule unayempenda ni washindani wako. Hawaji kukufariji, wanakuja kukunyang'anya. Kumbe hapa jina la mpendwa linawakusanya watu kwa huruma. Hiyo inaelekea kuwa hoja nzito ya nchi, kwa sababu nchi inaweza kupendwa na wengi bila wivu.

Lakini kuna kipingamizi. Miaka mingi kabla ya jela, katika diwani yake ya kwanza ya mwaka 1941, Faiz aliandika shairi akimsemesha mshindani wake wa mapenzi, tena kwa upole, kama mtu pekee anayeweza kuelewa uchungu wake kwa kuwa wamempenda mtu yule yule. Kumbe kwa Faiz hata mapenzi ya mtu yaliweza kuzaa udugu. Hoja tuliyoiona nzito inapungua uzito. Ubeti wa nne unaegemea upande wa nchi, ila kidogo tu.

Wa tano unausemesha usiku wa kutengana na mpendwa: yaliyotupata yametupata, lakini machozi yetu yameutengenezea usiku huo mwisho mwema. Wa sita unaleta picha ya mahakama. Mbele ya mpendwa limeitishwa daftari la wazimu wa mapenzi, na wapenzi wanakwenda wakiwa na vipande vya shingo za kanzu zao zilizoraruliwa. Kanzu iliyoraruliwa ni ya Majnun, yule wa Leila, anayejulikana hata pwani yetu. Daftari linaloitishwa linamkumbusha msomaji kesi na hati ya mashtaka. Hata hivyo tuwe waangalifu. Aliyeitisha daftari ni mpendwa, na waliomshtaki Faiz walikuwa serikali. Ukisema mpendwa ni nchi, inabidi ukubali kuwa nchi inamdai mshairi ushahidi wa mapenzi yake, na yeye hana cha kuonyesha ila nguo zilizochanika. Maana hiyo inawezekana na ina nguvu, lakini si ile ya haraka ya hakimu na mshtakiwa.

Hatimaye ubeti wa saba, wenye jina la Faiz. Unasema kwamba njiani hapakuwa na kituo chochote kilichompendeza: alipotoka katika mtaa wa mpendwa alielekea moja kwa moja kwenye mti wa kunyongea. Msomaji wa nchi hapa husema kesi imekwisha. Hayo ndiyo maisha ya Faiz yenyewe, mtu aliyeishi chini ya kivuli cha hukumu ya kifo.

Mimi nasema tusubiri kidogo. Kwanza, Januari 1954 hukumu ilikuwa imeshatolewa, na haikuwa kifo. Mti wa kunyongea haukuwa tena habari ya kesho yake. Pili, picha hiyo ni ya zamani kuliko Pakistani. Katika ushairi wa Kiajemi na Kiurdu, anayepanda mti huo ni Mansur al-Hallaj, sufi aliyeuawa Baghdad mwaka 922, ambaye washairi walimfanya mfano wa mpenzi aliyekufa kwa kumpenda Mungu. Kwa hiyo maneno haya yana njia ya tatu iliyotangulia hizi mbili, na Faiz aliijua vizuri. Kinachobaki upande wa nchi ni mpangilio: anayepita kutoka mlangoni kwa mpendwa hadi kifoni bila kusimama popote ni mtu aliyefanya uamuzi. Mapenzi ya mtu humpeleka mshairi kwenye machozi na jangwani. Mti wa kunyongea wa serikali ya kidunia hupandwa kwa sababu nyingine.

Njia nyingine ya kupima ni kuangalia maneno hayo hayo mtunzi ameyatumiaje kwingineko. Chukua ule mtaa wa mpendwa. Faiz ana shairi jingine la jela, lililotoka katika diwani ya mwaka 1952, ambamo anajitoa mhanga kwa mitaa, na mwenye mitaa anamtaja waziwazi kuwa ni nchi yake. Chukua pia ule mwito wa kuja. Mwaka 1955, katika jela ile ile ya Montgomery, alitunga shairi la kuiita Afrika. Ameisikia ngoma yake, anaiambia njoo, na mwito huo anaurudia kama kiitikio. Shairi hilo na ghazali yetu yamo katika diwani moja, iitwayo Zindan-Nama, yaani Kitabu cha Gereza. Kwa hiyo tunajua kwa hakika kwamba katika miaka hiyo Faiz aliweza kuiambia ardhi "njoo" kwa sauti ya mpenzi, na kuiita mitaa ya nchi kama mitaa ya mpendwa.

Ushahidi huo unaipa nguvu maana ya nchi, lakini wakati huo huo unaivunja hoja inayopendwa sana na upande huo, ile ya kusema mpenzi ni barakoa ya kuwakwepa wakaguzi wa jela. Mtu aliyekwisha kuitaja nchi kwa jina lake, akachapishwa angali kifungoni, hakuwa na haja ya barakoa. Kama alitaka ghazali hii iwe ya nchi tu, angesema, kama alivyosema kwingine. Kutokusema kwake ni uamuzi wa kisanaa, na msomaji anayelitoa vazi ili aone kilichomo ndani anatupa sehemu ya kitu chenyewe.

Lugha ya Kiurdu ilimruhusu kufanya hivyo kwa urahisi. Mpendwa katika ghazali huitwa kwa umbo la kiume hata kama ni mwanamke, kwa mapokeo ya karne nyingi, na neno la nchi nalo ni la kiume. Kisarufi hakuna kinachowatofautisha. Kiswahili kingemtesa. Kwetu kiambishi kinatoboa siri: nikisema nampenda, ni mtu, nikisema naipenda, ni nchi. Mtunzi wa Kiswahili anayetaka maana mbili hana budi kukaa katika nafsi ya pili, maana "nakupenda" na "njoo" havifichui kitu. Akitoka hapo tu, ngeli inamuumbua.

Jaribu kuutafsiri ule ubeti wa pili, unaotaka mpendwa atajwe, uone. Ukiandika "atajwe" umeshaamua kuwa ni mtu. Ukiandika "itajwe" umemfukuza mtu. Njia iliyobaki ni kulitaja jina: jina la kipenzi na litajwe. Hapo kitenzi kinafuata jina, na mwenye jina anabaki bila kujulikana. Kipimo hiki kinafaa hata kwa mashairi yetu wenyewe na nyimbo za taarabu. Mtu akikuambia kwamba wimbo fulani wa mapenzi kumbe ni wa nchi au wa chama, tafuta mahali ambapo anayependwa anatajwa katika nafsi ya tatu, utazame viambishi. Kama kila mahali ni "a-" na "-m-" bila njia ya kutokea, madai hayo yanahitaji ushahidi wa nje ulio imara sana. Kama mtunzi amekwepa nafsi ya tatu mwanzo hadi mwisho, tena kwa kujipinda, huenda amefanya hivyo kwa makusudi.

Sasa mizani inasemaje? Beti za kwanza, za pili na za saba zinaeleweka vizuri zaidi ukisikia nchi. Ubeti wa tatu ni wa mtu, na kuulazimisha uwe wa nchi ni kuuharibu. Wa nne unaegemea nchi kidogo. Wa tano na wa sita zinakubali pande zote, nami sioni cha kuzisukuma upande wowote. Kwa kuwa kila ubeti wa ghazali unajitegemea, hatulazimiki kutafuta jibu moja la kuzitawala zote saba. Kosa la pande zote mbili ni kuisoma ghazali kama utenzi wenye kisa kimoja.

Jibu la jumla Faiz mwenyewe alilitoa katika shairi lake lenye jina la Mapenzi Mawili, lililo katika diwani ile ya mwaka 1952. Humo anasimulia kwanza jinsi alivyompenda mtu, kisha jinsi alivyoipenda nchi, ambayo anaiita Leila, na anakiri kwamba moyo wake umehangaika kwa yote mawili kwa namna ile ile. Hakusema kwamba moja ni mfano wa jingine. Alisema ni mapenzi mawili ya moyo mmoja, yenye kungoja kule kule, fedheha ile ile na uaminifu ule ule, na kwamba hayajutii. Ndiyo maana katika ghazali ya Montgomery ubeti wa midomo unaweza kukaa katikati, mbele yake tundu na nyuma yake mti wa kunyongea, bila kuonekana umepotea njia. Aliyejifunza kumsubiri mtu alijua namna ya kuisubiri nchi.

Kwa hiyo anayeiimba ghazali hii harusini hajakosea, na anayeisoma kwenye mkutano wa wafungwa wa kisiasa naye hajakosea. Ninachowaomba wote wawili ni kuiacha nzima: wa harusini asiukate ubeti wa mwisho kwa kuogopa mauti, na wa mkutanoni asiuruke ubeti wa tatu kwa kuona haya.